Kwa nini “although” haikai na “but”: kuunganisha sentensi za Kiingereza bila kupoteza maana

Mwanafunzi wa kidato cha pili huko Tandahimba anapewa sentensi mbili: “The farmer sprayed his cashew trees. The flowers dried up.” Maelekezo yanamtaka aziunganishe kwa kuanza na “Although”. Anaandika hivi:

“Although the farmer sprayed his cashew trees, but the flowers dried up.”

Mwalimu anazungushia “but” kwa kalamu nyekundu na kuweka kosa. Wiki inayofuata mwanafunzi yuleyule anarudia kosa lilelile. Harudii kwa uzembe. Kwa Kiswahili chake sentensi hiyo imekaa sawasawa: “Ingawa mkulima alipulizia mikorosho yake, lakini maua yalikauka.” Hakuna atakayeshtuka kuisikia, awe Newala, Nachingwea au Lindi mjini. Tumezoea kuonyesha ukinzani mwanzoni mwa sentensi na kuuonyesha tena katikati, na msikilizaji anauchukulia kama mkazo. Ndivyo ilivyo pia kwa sababu na matokeo: “Kwa kuwa barabara ilijaa maji, kwa hiyo basi liligeuza.” Mtoto anaibeba tabia hiyo moja kwa moja na kuandika “Because the road was flooded, so the bus turned back.” Nayo inapata mkasi.

Kanuni ya Kiingereza cha darasani ni kwamba sentensi mbili zinapounganishwa, kiunganishi ni kimoja. Ukianza na “although”, katikati unaweka mkato peke yake. Ukitaka “but” katikati, mwanzoni hapawekwi kitu. Kanuni hii huandikwa ubaoni kila mwaka, na bado haitoshi, kwa sababu inamwambia mwanafunzi afute neno moja bila kumwambia ni lipi, wala kwa nini lile linalobaki lisimame pale liliposimama. Hapo ndipo pa kukaa kwa muda.

Chanzo na tokeo

Katika karibu kila zoezi la aina hii, moja ya zile sentensi mbili inaeleza jambo lililotangulia au lililokuwepo, na nyingine inaeleza kilichotokea baadaye. Tuiite ya kwanza chanzo na ya pili tokeo. Mkulima kupulizia mikorosho ni chanzo. Maua kukauka ni tokeo.

Viunganishi vinavyotumika zaidi vimegawana pande hizo mbili. “Although” na “because” hushika chanzo. “But” na “so” hushika tokeo. Kwa hiyo “although” na “but” zinasema ukinzani uleule, ila kila moja inausemea upande wake, na ndiyo maana mwanafunzi hawezi kufuta moja na kuweka nyingine palepale. Tazama:

“Although the farmer sprayed his cashew trees, the flowers dried up.”

“The farmer sprayed his cashew trees, but the flowers dried up.”

Katika sentensi ya kwanza neno limekaa mbele ya kupulizia. Katika ya pili limekaa mbele ya kukauka. Maana ni ile ile. Na kwa kuwa “although” imeshikamana na chanzo, inaweza kuhama nacho: “The flowers dried up although the farmer sprayed his cashew trees.” Sentensi hiyo ni sahihi. “But” haina uhuru huo. Haiwezi kuanza ikavuta tokeo mbele ya chanzo. “But the flowers dried up, the farmer sprayed his cashew trees” haisomeki.

Kosa baya kuliko la kurudia viunganishi ni kuweka “although” upande usio wake: “Although the flowers dried up, the farmer sprayed his cashew trees.” Kisarufi hakuna hitilafu, na ndiyo maana wengi hawalioni kosa hili. Lakini maana imegeuka. Sasa inasema maua yalikauka kwanza, na mkulima akaenda kupulizia hivyo hivyo. Maelekezo ya zoezi hutaka sentensi mpya iwe na maana ya zile za mwanzo, kwa hiyo jibu hili linakosa alama hata kama kila neno limeandikwa vizuri.

Mwanafunzi atajuaje kama uhusiano wa sentensi hizo ni wa ukinzani au wa sababu? Wengi hutafuta neno la kuwaongoza, hasa “not”, wakiamini kuwa ukanushi ni dalili ya ukinzani. Dalili hiyo haiaminiki. Kinachoamua ni matarajio. Wakulima wa kusini hupuliza salfa ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua na machipukizi ya mkorosho. Aliyepuliza anatarajia maua yapone. Yakikauka, tokeo limepingana na matarajio, na huo ndio ukinzani. Sasa badilisha neno moja tu katika sentensi ya kwanza:

“The farmer did not spray his cashew trees. The flowers dried up.”

Hapa tokeo linakwenda na matarajio. Ambaye hakupuliza, maua yake yakikauka hakuna wa kushangaa. Uhusiano umekuwa wa sababu: “Because the farmer did not spray his cashew trees, the flowers dried up.” Au: “The farmer did not spray his cashew trees, so the flowers dried up.” Sasa kanusha pande zote mbili: “The farmer did not spray his cashew trees. The flowers did not dry up.” Tumerudi kwenye ukinzani, kwa sababu amepona asiyestahili kupona, na kiunganishi ni “although” au “but” tena. Kwa mwalimu anayetaka zoezi moja tu la kufundishia jambo hili, seti hiyo ya sentensi inatosha kipindi kizima, na mtoto wa Masasi au Nanyumbu hatahitaji kuelezwa salfa ni nini.

Pale tokeo linapotangulia

Watunzi wa mitihani wana mtego wanaoupenda. Wanaandika tokeo kwanza, chanzo baadaye:

“The auction was postponed. The road to the warehouse was flooded.”

Mnada uliahirishwa, barabara ya kwenda ghalani ilijaa maji. Kama maelekezo ni kutumia “because”, mwanafunzi hana cha kuhamisha. Analiweka neno katikati na kazi imekwisha: “The auction was postponed because the road to the warehouse was flooded.” Kama maelekezo ni kutumia “so”, lazima ageuze mpangilio, chanzo kije mbele: “The road to the warehouse was flooded, so the auction was postponed.” Asipogeuza anapata “The auction was postponed, so the road to the warehouse was flooded”, yaani kuahirishwa kwa mnada ndiko kulikojaza maji barabarani.

Kipimo chake ni rahisi na kinafanywa kwa Kiswahili kichwani. Chukua sentensi ya kwanza, uliza “kwa nini?” Kama sentensi ya pili inajibu, basi ya kwanza ni tokeo na ya pili ni chanzo. Kama haijibu, chukua ya pili, uliza “kwa nini?” na uone kama ya kwanza inajibu. Mnada uliahirishwa, kwa nini? Barabara ilijaa maji. Inajibu. Barabara ilijaa maji, kwa nini? Mnada uliahirishwa. Haijibu. Baada ya hapo andika herufi ndogo kwa penseli juu ya kila sentensi, “ch” kwa chanzo na “t” kwa tokeo, kabla ya kuandika jibu lolote.

Mkato unafuata mpangilio huo huo. “Although” au “because” ikianza sentensi, mkato unawekwa pale chanzo kinapoisha na tokeo linapoanza. Ikikaa katikati, kwa kawaida mkato hauhitajiki. “But” na “so” zinapounganisha sentensi mbili kamili, mkato unakaa mbele yake.

Kinachofuata “despite” na “because of”

Hadi hapa viunganishi vyote tulivyotumia vinafuatwa na sentensi kamili, yenye mtenda na kitenzi chenye wakati. Sasa tunaingia kundi linaloangusha wengi zaidi: “despite”, “in spite of”, “because of”, “due to” na “owing to”. Maana zake hazina ugumu. Mbili za kwanza ni za ukinzani na tatu zinazofuata ni za sababu, na zote hushika chanzo, upande uleule wa “although” na “because”. Ugumu uko kwenye kinachoruhusiwa kuzifuata. Hazifuatwi na sentensi. Zinafuatwa na jina, au na kitenzi kilichowekwa “-ing” kikawa kama jina.

Mswahili analo jambo hili tayari, ila hajawahi kuambiwa kuwa analo. Tunasema “kwa sababu mvua ilinyesha”, lakini “kwa sababu ya mvua”. Hakuna asemaye “kwa sababu ya mvua ilinyesha”. Ile “ya” inadai jina, na “of” katika “because of” inafanya kazi ileile. Mwanafunzi anayeandika “Because of it rained” ajisomee kwa Kiswahili “kwa sababu ya mvua ilinyesha” na atalisikia kosa mwenyewe. Vilevile “licha ya” inafuatwa na jina, “licha ya mvua”, au na kitenzi cha “ku-”, “licha ya kuchelewa”. Kitenzi hicho cha “ku-” ndicho kinacholingana na “-ing” baada ya “despite”. Angalizo ni kwamba “ya” ya “licha ya” imewafanya wengi waandike “despite of”. “Despite” husimama peke yake. Yenye “of” ni “in spite of”, na hiyo huandikwa kwa maneno matatu yaliyoachana.

Kazi yenyewe basi ni kugeuza sentensi ya chanzo iwe jina. Chukua mfano ambao kila msafiri wa kusini anaufahamu. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua iliharibu barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga na magari yakakwama. Kwa sentensi za zoezi:

“It rained heavily. The road at Somanga was cut off.”

Tumia “because of”. Chanzo ni “It rained heavily”. “It” haina mtu wala kitu inachokitaja, kwa hiyo inaondoka. Kitenzi “rained” kinageuka jina “rain”. Kinabaki “heavily”, ambacho ni kielezi, na kielezi kinaeleza kitenzi. Kitenzi kimeshakuwa jina, hivyo kielezi lazima kigeuke kivumishi na kisogee mbele ya jina: “heavy rain”. Ongeza “the” kwa kuwa tunajua ni mvua ipi: “Because of the heavy rain, the road at Somanga was cut off.” Makosa mawili huonekana hapa. Wapo wanaoandika “because of the heavily rain”, waliogeuza kitenzi wakasahau kielezi. Na wapo wanaoandika “because of raining heavily, the road…”, ambao wameweka “-ing” pasipo mtu wa kuifanya. Kosa hili la pili ndilo linalostahili maelezo marefu.

“-ing” baada ya “despite” haina mtenda wake mwenyewe. Inamwazima mtenda wa sentensi inayofuata baada ya mkato. Kwa hiyo njia ya “-ing” inafunguka pale tu mtenda wa chanzo na mtenda wa tokeo ni mmoja. Katika sentensi hizi ni mmoja:

“Halima arrived early. She did not get a seat.”

Anayefika mapema ni Halima na anayekosa kiti ni Halima. Tunaondoa mtenda wa chanzo, kitenzi “arrived” kinakuwa “arriving”, kisha jina la Halima linahamia mahali pa “she”: “Despite arriving early, Halima did not get a seat.” Usiliache jina hilo lipotee. Ukiandika “Despite arriving early, she did not get a seat”, msomaji hajui “she” ni nani, na habari iliyokuwepo mwanzo imepungua. Kwa “although” jina linabaki kulekule mwanzoni, “Although Halima arrived early, she did not get a seat”, na ndiyo sababu mwanafunzi aliyezoea “although” husahau kulihamisha anapofika kwenye “despite”.

Sasa rudi kwa mkulima wetu na ujaribu njia hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye bidii ataandika: “Despite spraying his cashew trees, the flowers dried up.” Inapendeza masikioni, na walimu wengi huipitisha. Lakini mtenda wa “dried up” ni maua, na “spraying” inamwazima mtenda huyo. Sentensi inasema maua yalipulizia mikorosho yake, kisha yakakauka. Mtenda wa chanzo ni mkulima na mtenda wa tokeo ni maua. Hawalingani, na njia ya “-ing” tupu imefungwa.

Zipo njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kumrudisha mtenda mbele ya “-ing” kwa umbo la umiliki: “Despite the farmer’s spraying his cashew trees, the flowers dried up.” Ni sahihi, ila nzito. Ya pili ni kuongeza “the fact that” baada ya “despite”, na hapo sentensi nzima inaruhusiwa kufuata bila kubadilishwa neno: “Despite the fact that the farmer sprayed his cashew trees, the flowers dried up.” Njia hii haishindwi na karibu sentensi yoyote, na inafaa kuwa akiba ya mwanafunzi anapokwama ndani ya chumba cha mtihani. Isigeuzwe mazoea lakini, kwa sababu maelekezo yanaweza kutaka “despite” ifuatwe na “-ing” au na jina, na hapo akiba hiyo haisaidii. Ya tatu ni kutafuta jina lenyewe la tendo au la hali, na hii ndiyo inayoonyesha kuwa mwanafunzi ana msamiati.

Kwa sentensi zenye kitenzi “was” na kivumishi, njia hiyo ya tatu ni nyepesi. “Although he was ill, he walked to Mikindani” inaweza kuwa “Despite being ill, he walked to Mikindani”, au kwa jina, “Despite his illness, he walked to Mikindani.” Kivumishi “ill” kimegeuka jina “illness”, na “he” imegeuka “his”. Mwanafunzi awe na orodha yake ya majina ya namna hii, kwa sababu hayafuati mkondo mmoja: “poor” inatoa “poverty”, “brave” inatoa “bravery”, “lazy” inatoa “laziness”, “strong” inatoa “strength”, “hot” inatoa “heat”, “difficult” inatoa “difficulty”. Asiyeyajua ataunda “poorness” au “hotness” kwa kubahatisha. Atumie “being”, haitampa Kiingereza cha kupendeza sana, lakini haitamnyima alama, mradi watenda wanalingana.

Kuna ukanushi pia. “He did not have money, but he bought a bicycle” ikigeuzwa kwa “despite”, “did” inatoweka pamoja na wakati wake, na “not” inatangulia “-ing”: “Despite not having money, he bought a bicycle.” Ukiona “despite didn’t have” kwenye daftari, ujue mwanafunzi ameondoa mtenda akaacha kitenzi kama kilivyokuwa.

“However” na “therefore” si viunganishi vya kawaida

“However” inakaribiana maana na “but”, na “therefore” inakaribiana na “so”. Zote hushika tokeo. Kwa hiyo mwanafunzi anafuta “so” anaweka “therefore”, na kuandika: “The road to the warehouse was flooded, therefore the auction was postponed.” Kosa liko kwenye mkato. “So” ina nguvu ya kuunganisha sentensi mbili kwa mkato tu. “Therefore” haina, ni kielezi kinachoonyesha uhusiano, na sentensi mbili zinabaki bila kilichozishika. Panahitajika nukta mkato kabla yake na mkato baada yake: “The road to the warehouse was flooded; therefore, the auction was postponed.” Kwa “however” ni vivyo hivyo: “The farmer sprayed his cashew trees; however, the flowers dried up.”

Nukta pia ni sahihi, kisha “Therefore” au “However” ianze kwa herufi kubwa. Ila kama maelekezo yanadai sentensi moja, nukta imeshazifanya mbili. Nukta mkato ndiyo salama.

Matokeo ya kiasi: “so… that” na “too… to”

Gunia la korosho linampa mwalimu sentensi bora za sehemu hii:

“The sack was very heavy. The old man could not carry it.”

Kwa Kiswahili tungesema gunia lilikuwa zito kiasi kwamba mzee hakuweza kulibeba. Uzito ni chanzo, kushindwa ni tokeo, na kiasi cha uzito ndicho kinachozaa kushindwa. Kwa “so… that”, neno “very” linaondoka na “so” inakaa mahali pake palepale, “that” inaingia baada ya kivumishi, kilichobaki hakiguswi: “The sack was so heavy that the old man could not carry it.” Kosa la kawaida ni kuacha “very” ndani, “so very heavy that”, au kufuta “it” ya mwisho. “It” ibaki, kwa sababu baada ya “that” tuna sentensi kamili, na “carry” inadai kitu kinachobebwa.

Kwa “too… to” mambo yanageuka karibu yote. “Very” inaondoka, “too” inakaa mahali pake. “Could not” inaondoka yote, kwa sababu “too” imeshabeba ukanushi ndani yake: gunia lilizidi uwezo. Mzee anatanguliwa na “for”, kwa kuwa aliyeshindwa si yule aliyeelezwa kuwa mzito. Na “it” safari hii inaondoka, kwa sababu kinachobebwa kimeshatajwa mwanzoni kama mtenda: “The sack was too heavy for the old man to carry.” Mwanafunzi akiacha “not” ikabaki, “too heavy for the old man not to carry”, ameandika kinyume cha alichokusudia. Akiacha “it”, amerudia kitu kimoja mara mbili.

Linganisha na sentensi zenye mtenda mmoja: “The old man was very tired. He could not walk home.” Hapa aliyechoka na aliyeshindwa ni mtu mmoja, kwa hiyo “for” haihitajiki: “The old man was too tired to walk home.” Ni swali lilelile tulilouliza kwenye “despite”, kama watenda ni mmoja au wawili, na hapa linaamua kama “for” iingie au isiingie.

“Such… that” inatumika pale kivumishi kinapofuatwa na jina. “It was a very heavy sack. The old man could not carry it” inakuwa “It was such a heavy sack that the old man could not carry it.” “A” inahamia nyuma ya “such”. Kama jina halihesabiki, “a” haiwepo: “It was such hot weather that the pupils sat under the mango tree.” Kuandika “such a hot weather” ni kosa ambalo hata magazeti hulifanya.

Wasichanganywe na “so that” iliyoandikwa pamoja bila kivumishi katikati. Hiyo haielezi tokeo lililotokea. Inaeleza kusudi, yaani “ili”, na mara nyingi hufuatwa na “would”, “could” au “might” habari inapokuwa ya wakati uliopita: “The farmer sprayed his cashew trees so that the flowers would not dry up.” Msomaji wa sentensi hiyo anajua mkulima alitaka nini. Hajaambiwa kama maua yalipona.